Picha za katalogi ya duka: kwa mkono, kwa programu ya simu au kwa laptopu?

Tuchukue duka moja la mikoba na viatu vya kike Kariakoo. Mzigo mpya unaingia kila wiki, bidhaa 40 hivi, na kila bidhaa inahitaji picha tatu: ya mbele, ya ubavuni na ya karibu inayoonyesha zipu au kisigino. Hizo ni picha 120. Mwenye duka anazihariri mwenyewe kwenye simu baada ya kufunga: anatoa meza na ukuta vinavyoonekana nyuma, anaweka weupe, anapunguza ukubwa, kisha anapandisha kwenye katalogi ya WhatsApp Business. Kila picha inamla dakika nne. Mara 120 ni dakika 480, yaani saa nane. Akikaa saa mbili kila usiku, jioni nne kati ya saba zimekwisha, na bado hajajibu hata mteja mmoja anayeulizia bei.

Hapa tunalinganisha njia za kumwondolea kazi hiyo. Zipo tatu zinazofaa kufikiriwa, na ya nne tutaigusa kwa kifupi. Kabla ya kuzilinganisha, ni vizuri kujua dakika zile nne zinaenda wapi, maana kila njia inaokoa sehemu tofauti. Kukata bidhaa kutoka kwenye mandhari ya nyuma kunachukua kama dakika mbili na nusu. Kusawazisha rangi na mwanga, dakika moja. Kupunguza ukubwa, kuiweka bidhaa katikati na kuipa faili jina, nusu dakika. Sehemu ya kwanza na ya tatu mashine inaziweza vizuri. Ya pili mashine inaiharibu mara nyingi kuliko inavyoitengeneza, na dawa yake iko kwenye kupiga picha.

Njia ya kwanza: kwa mkono kwenye simu

Hii haina gharama, na kwa picha chache bado ndiyo bora. Programu kama Snapseed inatosha kwa mwanga, kunyoosha na kupunguza. Ubaya wake ni kwamba kila picha ni kazi mpya. Snapseed inaweza kuhifadhi marekebisho uliyofanya ili uyatumie tena kwenye picha inayofuata, lakini bado unafungua picha moja moja.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaihesabu. Ukihariri saa nne usiku ukiwa umechoka, picha ya kwanza na ya mia hazifanani. Ya kwanza ina nafasi pembeni, ya mia imebanwa. Ya kwanza ni nyeupe, ya mia ina umanjano. Mteja akipitisha kidole kwenye katalogi anaona bidhaa zilizookotwa kutoka maduka tofauti.

Kwa duka linaloingiza bidhaa kumi kwa wiki, yaani picha 30, njia hii ni saa mbili za kazi. Hapo usijisumbue na mengine.

Njia ya pili: programu au tovuti inayokata yenyewe

Hizi ni huduma kama Photoroom na remove.bg. Unaipa picha, inatambua bidhaa, inafuta kilicho nyuma. Picha moja inachukua sekunde chache, na matokeo yake kwa mikoba na viatu vya kawaida ni mazuri sana. Huhitaji laptopu, na mtu yeyote anayejua kutumia Instagram atajifunza kwa mchana mmoja.

Mipaka yake iko sehemu mbili. Kwanza ni ukubwa wa picha ya bure. Kwenye remove.bg, picha ya bure hutoka kwa ukubwa wa takribani pikseli 625 kwa 400. Katalogi nzuri inataka mraba wa pikseli 1080 kila upande, kwa hiyo ukiivuta ile ndogo ifike 1080, nyuzi za mshono zinayeyuka na nembo ya mkoba haisomeki. Picha yenye ukubwa kamili ni ya kulipia. Programu nyingi za aina hii zinaweka pia kuhariri picha nyingi kwa mkupuo upande wa wanaolipa. Ukitumia ya bure unabaki kugusa picha moja moja: sekunde 40 mara 120 ni saa moja na dakika 20. Hiyo peke yake ni nafuu kubwa ukilinganisha na saa nane.

Pili ni bando. Huduma zinazofanya kazi mtandaoni zinapokea picha yako, zinaikata huko kwenye seva zao, kisha zinairudisha. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina MB 3 hadi 4, kwa hiyo picha 120 ni zaidi ya MB 350 za kupandisha tu. Zipunguze kwanza hadi pikseli 1600 kwa upande mrefu, kila moja itashuka chini ya MB 1, na hutapoteza chochote kinachoonekana kwenye katalogi.

Ushauri mmoja kuhusu programu hizi, na tunausisitiza: zima kila kitufe cha kupendezesha picha chenyewe na usitumie mandhari za kutengenezwa. Kitufe hicho kinaongeza rangi na utofauti. Mkoba wa damu ya mzee unatoka mwekundu, kiatu cha rangi ya maziwa kinatoka cheupe kabisa. Mteja aliyelipa na kutumiwa mzigo Mwanza atakuandikia, "Dada, mbona huu si ule wa kwenye picha?" Na atakuwa sahihi.

Njia ya tatu: laptopu inafanya yote kwa mkupuo

Hii ndiyo iliyolifaa duka letu la mfano, kwa hiyo tutakaa hapa zaidi. Inatumia programu mbili za bure: rembg, inayokata bidhaa, na ImageMagick, inayopunguza ukubwa, kuweka weupe na kuiweka bidhaa katikati. Zote mbili zinafanya kazi ndani ya laptopu yako bila kupandisha picha popote. Intaneti unaihitaji siku ya kusakinisha na mara ya kwanza unapoikimbiza, kwa sababu rembg hushusha modeli yake, yaani faili linaloiwezesha kuitambua bidhaa, lenye zaidi ya MB 150. Baada ya hapo hata bando likiisha kazi inaendelea.

Kusakinisha kwenye Windows ndiko kunakowashinda watu, na karibu kila mara sababu ni moja: wakati wa kuweka Python, programu ambayo rembg inaitegemea, hawakutia tiki kwenye `Add python.exe to PATH`. Ukikosa tiki hiyo, kila amri utakayoandika itajibiwa kwamba haijulikani. Weka Python, weka ImageMagick, kisha fungua dirisha la amri uandike:

```
pip install "rembg[cpu,cli]"
```

Halafu tengeneza folda moja, ndani yake folda nyingine iitwayo `ghafi` ya kuwekea picha kutoka kwenye simu. Kando ya `ghafi` hifadhi faili hili kwa jina `picha.bat`:

```
@echo off
cd /d "%~dp0"
mkdir ndogo kata tayari 2>nul
magick mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 90 ghafi/*.jpg
rembg p -m isnet-general-use ndogo kata
magick mogrify -path tayari -format jpg -trim +repage -resize 920x920 -background white -alpha remove -gravity center -extent 1080x1080 -quality 85 kata/*.png
pause
```

Kuanzia siku hiyo kazi ni kumimina picha kwenye `ghafi` na kubofya faili hilo mara mbili. Mstari wa kwanza wa `magick` unanyoosha picha zilizolala ubavu na kuzipunguza. Wa `rembg` unakata. Wa mwisho unaondoa nafasi tupu pembeni, unaikuza bidhaa ifike pikseli 920, unajaza nyeupe nyuma na kuiweka katikati ya mraba wa 1080. Uwiano wa 920 kwa 1080 ni asilimia 85, kiwango kilekile ambacho Amazon inakitaka kwa picha kuu ya bidhaa, na kwenye skrini ya simu kinapendeza: bidhaa inajaa bila kugusa kingo.

Neno `-alpha remove` usiliondoe. Rembg hutoa picha za PNG ambazo nyuma yake ni wazi kabisa, na JPG haijui kitu kilicho wazi. Ukibadilisha moja kwa moja bila kujaza rangi, unaweza kukuta mikoba yako yote imekaa kwenye weusi.

Laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya michoro hutumia sekunde kadhaa kwa picha. Tuseme sita: picha 120 ni dakika 12, na muda huo mwenye duka anahudumia wateja. Kisha anakagua folda ya `tayari`, sekunde tano kwa picha, dakika kumi. Tuseme picha moja kati ya kumi haikukatwa vizuri. Hizo 12 anazirudia kwa mkono kwa dakika nne kila moja, dakika 48. Jumla ya muda wake mwenyewe haifiki saa moja, badala ya saa nane.

Kinachoharibika, na sababu yake

Zile picha 12 haziharibiki ovyo ovyo. Zinafuata mtindo, na ukiujua utazipunguza.

Ya kwanza ni minyororo na mikanda myembamba ya mikoba. Modeli haiangalii picha yako kwa ukubwa wake halisi. Inaifinya kwanza, inachora mipaka ya bidhaa kwenye hiyo ndogo, kisha inaivuta mipaka irudi kwenye picha kubwa. Modeli ya kawaida ya rembg, `u2net`, inaifinya hadi pikseli 320 kwa 320. Kwenye picha ya pikseli 1600, kila pikseli moja ya mchoro huo inabeba tano za picha, kwa hiyo mnyororo wenye upana wa pikseli nne unaweza kupotea, au ukatokea vipande vipande. Ndiyo maana kwenye faili hapo juu tumeandika `isnet-general-use`, ambayo inafanya kazi kwa 1024. Ni nzito kidogo lakini mnyororo unabaki. Kama bado unakatika, ulaze mbele ya mkoba wakati wa kupiga, usiuache ukining'inia hewani.

Ya pili ni tundu la mpini. Mkoba umesimama, mpini umeinuka, na katikati ya mpini unaona kipande cha ukuta ambacho hakikufutwa. Modeli imechukua mpini na nafasi yake kama kitu kimoja. Hii hutokea zaidi rangi ya nyuma ikikaribiana na ya mkoba. Ukibadilisha kitambaa cha nyuma tatizo huisha kwa picha nyingi.

Ya tatu ni viatu vyeupe. Hapa kuna matatizo mawili yanayofanana lakini dawa zake ni tofauti. Ukipiga kiatu cheupe juu ya karatasi nyeupe, modeli haioni mwisho wa soli, inaila. Piga juu ya kitambaa cha kijivu. Usitumie bluu wala kijani, kwa sababu ngozi inayong'aa inaakisi rangi hiyo na ukingo wa kiatu utabaki na ubluu hata baada ya kukatwa. Tatizo la pili linakuja baada ya kukata vizuri: kiatu cheupe juu ya weupe hakionekani mpaka wake. Kwa bidhaa hizo badilisha `white` kuwa `"#f2f2f2"`, kijivu hafifu sana ambacho mteja hakitambui lakini kiatu kinajitokeza.

Ya nne inashangaza watu: mkoba unatoka mdogo kama kiberiti katikati ya mraba mweupe. Rembg imeacha kidoa mbali na bidhaa, pengine kona ya meza au uzi ulioanguka, na ImageMagick inakihesabu kama sehemu ya bidhaa inapoondoa nafasi tupu. Ukiona hivyo fungua PNG yake kwenye folda ya `kata`, tafuta kidoa, kifute, kimbiza tena mstari wa mwisho wa `magick`.

Na moja ya mpangilio: folda za `ghafi`, `ndogo`, `kata` na `tayari` zimwagwe kila baada ya kupandisha. Usipofanya hivyo, mzigo wa wiki iliyopita utakatwa upya kila mara na dakika 12 zitakuwa 24, kisha 36.

Rangi: kazi ya kamera

Hakuna kati ya njia hizi tatu inayojua mkoba wako una rangi gani kweli. Programu inaona tu kilichoingia kwenye kamera. Dukani mara nyingi kuna mwanga wa mlangoni na taa ya juu kwa pamoja. Mmoja una ubluu, mwingine una umanjano, na upande mmoja wa mkoba unatoka tofauti na mwingine. Hilo halirekebishiki kwa kitufe.

Zima taa, sogeza meza karibu na mlango au dirisha, funika mwanga mkali kwa pazia jeupe jepesi, na upande wa pili simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Kama simu yako ina hali ya `Pro`, toa mizani ya weupe kwenye otomatiki, weka kati ya 5000 na 5500, na usiiguse hadi umalize mzigo wote. Ukiiacha otomatiki, simu itabadilisha rangi kila unapoweka mkoba wa rangi nyingine. Picha ya kwanza ipige ya karatasi nyeupe. Ikionekana njano au bluu, rekebisha namba kabla ya kuendelea.

Mikoba ijazwe magazeti ili isimame. Na kabla ya kila bidhaa piga picha ya kikaratasi chenye namba yake, mathalani MK-014. Simu huzipanga picha kwa mfuatano, kwa hiyo unajua zote zinazofuata kikaratasi hicho ni za bidhaa ile na bei yake. Vikaratasi unavifuta kabla ya kumimina kwenye `ghafi`. Wenye iPhone wabadilishe `Formats` kwenye mipangilio ya kamera kuwa `Most Compatible`, la sivyo picha zitatoka HEIC na faili letu linalotafuta `.jpg` halitaziona.

Kwa kuziweka sambamba

| | Kwa mkono | Programu ya simu | Laptopu |
|---|---|---|---|
| Muda wako kwa picha 120 | saa 8 | saa 1 na dakika 20, pungufu ukilipia mkupuo | karibu saa 1 |
| Pesa | hakuna | malipo ya mwezi kwa ukubwa kamili | hakuna, kama laptopu ipo |
| Intaneti | hapana | mara nyingi kila picha | siku ya kusakinisha tu |
| Kujifunza | unajua tayari | mchana mmoja | siku moja au mbili, na mtu wa kukushika mkono |
| Picha kufanana | inategemea uchovu | vizuri | zote sawa |

Njia ya nne ni kumpa kijana anayehariri. Hesabu yake ni nyepesi: akitoza shilingi 300 kwa picha, 120 ni 36,000 kwa wiki. Ubaya si bei peke yake. Mzigo unasubiri mpaka arudishe, na mkoba unaouzwa kwa kasi unakuwa umeisha kabla haujaingia kwenye katalogi. Mtumie kwa zile picha 12 zilizoshindikana tu, na gharama inashuka hadi 3,600.

Nani achague ipi

Kama huna laptopu, usinunue kwa ajili ya hili. Lipia programu ya simu kwa mwezi mmoja, hesabu saa ulizookoa, kisha amua. Kama unayo, hata ile ya zamani yenye RAM ya GB 8, na picha zako zinapita 80 au 100 kwa wiki, njia ya tatu inashinda bila ubishi. Kati ya picha 30 na 80 programu ya simu inafaa zaidi, kwa sababu siku moja ya kuhangaika na Python itachukua wiki kadhaa kujilipa.

Kwa duka letu la Kariakoo ratiba imekaa hivi. Picha zinapigwa saa nne asubuhi siku mzigo unapofunguliwa, mwanga ukiwa mzuri na wateja bado wachache. Saa saba faili linakimbizwa kwenye laptopu iliyo nyuma ya kaunta. Saa tisa anakagua na kutenga zilizoharibika. Kabla ya kufunga, bidhaa ziko kwenye katalogi, na jioni hakuna picha inayomfuata nyumbani.

Angalizo kuhusu katalogi yenyewe: WhatsApp Business inapokea bidhaa 500 na picha hadi 10 kwa kila moja. Kwa bidhaa 40 kila wiki utafika kikomo ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo siku ya kupandisha mzigo mpya ndiyo siku ya kufuta vilivyokwisha. Namba za MK zinakusaidia hapo pia.

Ukianza kuuza manukato, miwani au chochote cha kioo, viweke nje ya utaratibu huu. Modeli hukifuta kioo au hukiacha na rangi ya meza ndani yake, na hata ukikikata kwa mkono kitaonekana kama plastiki. Kipige moja kwa moja mbele ya karatasi nyeupe iliyopinda kutoka ukutani hadi mezani, mwanga ukitokea nyuma, kisha pitisha kwenye ImageMagick peke yake kwa kupunguza ukubwa.